Maikromita ya picha ile: robo au robo tatu?

Hamjambo mafundi. Tuanze na picha hii ya karakana, nadhani mnaiona vizuri hata mlioketi nyuma. Krenk imelala juu ya meza, na juu yake kuna kifaa cha chuma chenye umbo la herufi C. Aliyeituma anataka kujua mambo mawili: hiki ni kitu gani, na kinasoma ngapi?

Pima maji ingejitambulisha kwa kiputo chake, na maltimita kwa waya zake mbili, nyekundu na nyeusi. Kalipa ina rula ndefu na taya zinazoteleza juu yake. Kinachobaki kuwachanganya watu ni umbo hili la C, kwa sababu klempu ya seremala nayo ni C. Angalieni basi upande wa kushika. Klempu ina skrubu iliyo wazi na kijiti cha kukazia mwishoni. Hapa kuna mrija uliochorwa mistari, umevishwa kikombe kinachozunguka chenye mistari mingine, na nyuma kabisa kuna racheti, kile kitufe cha kukazia kinacholia tik-tik. Hii ni maikromita ya kupima nje.

Maikromita ya kawaida hutembea milimita 25 tu. Ndiyo sababu zinauzwa kwa ngazi: 0 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75. Kwenye fremu ya hii, nikiikuza picha, naona 25-50, na chini yake 0.01. Kwa hiyo kikombe kina mistari 50, na mzunguko mmoja mzima ni nusu milimita.

Sasa tusome. Mrijani, nambari ya mwisho inayoonekana ni 45, kisha mistari miwili juu ya ule mstari mrefu wa katikati: 46, 47. Kikombe kinaonyesha 24. Fundi mwenye haraka atasema 47.24. Lakini chini ya mstari wa katikati kuna mistari ya nusu milimita, na hapa ukingoni mwa kikombe pana doa la grisi. Je, mstari wa nusu umeshatoka au bado?

Jibu limo pichani, hata grisi ikiwa imeufunika. Linganisheni nafasi kati ya 46 na 47, ambayo ni milimita moja kamili, na nafasi kutoka 47 hadi ukingo wa kikombe. Ingekuwa 47.24, nafasi hiyo ya pili ingekuwa kama robo ya ile ya kwanza. Hapa ni karibu robo tatu. Basi nusu imeshapita: 47.50 na 0.24, jumla 47.74.

Kwa nini nashikilia nusu milimita hivi? Tuseme shingo ya krenk hii ikiwa mpya ni 48.00. Ikiwa 47.74, imeshasagwa mara moja na inataka beringi za 0.25. Ukisoma 47.24 utaagiza za 0.75. Hizo ni nene mno, utafunga kepu na krenk haitazunguka. Na mwenye duka hapa Kisumu hachukui tena beringi zilizofunguliwa pakiti, mnawajua.

Ile tarakimu ya mwisho, hiyo 4, siiamini sana. Mistari ya kikombe imekaa juu kidogo kuliko ya mrija, kwa hiyo simu ikishikwa juu au chini ya usawa wa mstari wa katikati, usomaji unahama mstari mmoja au zaidi. Pia picha haisemi kama sifuri ya maikromita yenyewe ni sahihi. Mwambieni aliyeituma aweke kile kifimbo cha milimita 25 kinachokuja ndani ya sanduku, akaze kwa racheti, apige picha nyingine simu ikiwa imelingana na mstari. Ikisoma 25.02 badala ya 25.00, atoe 0.02 kwenye kila kipimo.

Mama pale mbele anauliza: na kama ni ya inchi? Swali zuri, maana karakana nyingi za hapa zina vifaa vya zamani. Hesabu mistari ya kikombe: ya inchi ina 25, siyo 50, na kwenye fremu huandikwa 0.001. Nambari za mrijani ni sehemu za kumi za inchi, kila moja imegawanywa mara nne, yaani 0.025. Shingo hiihii kwenye maikromita ya inchi 1 hadi 2 ingeonyesha 8 mrijani, mistari mitatu midogo baada yake, na kikombe kati ya 4 na 5. Hiyo ni 1.8795. Zidisha kwa 25.4, utarudi kwenye 47.74.