Klorini ikizaliwa, kostiki nayo imezaliwa

(Mhadhara kwa watengenezaji sabuni na wanafunzi, Kasese)

Shikamooni wazee, na wengine habari za mchana. Kabla sijasema lolote, tazameni hiki kikombe. Ndani yake mna maji ya chumvi na vijiti viwili vya kaboni nilivyovitoa kwenye betri chakavu za tochi. Nyaya hizi zinakwenda kwenye betri ya pikipiki.

Kijiti cha upande wa hasi kinatoa mapovu mengi madogo. Hiyo ni hidrojeni. Upande wa chanya mapovu ni machache, maana gesi yake huyeyuka kwa urahisi majini, lakini mama aliyekaa mbele ameshaziba pua. Hiyo ni klorini. Sasa nadondosha fenofthalini, dawa inayogeuka waridi ikikutana na alkali, karibu na kijiti cha hasi. Mnaona maji yanageuka waridi? Hapo pamezaliwa kostiki, ile ile mnayoinunua kwa mifuko.

2NaCl + 2H2O → 2NaOH + Cl2 + H2

Nikikoroga, rangi ya waridi inapotea. Klorini imekutana na kostiki, zimefanya dawa ya kutoa madoa. Kama ndiyo unayoitaka, kikombe kisicho na ukuta kinatosha, na zipo mashine ndogo za kutibu maji zinazofanya hivyo makusudi. Ukitaka kila kimoja peke yake, unajenga ukuta katikati.

Viwanda vya kisasa hutumia utando mwembamba wa plastiki maalumu. Utando huo hupitisha ioni za sodiamu kwenda upande wa hasi na kuzuia zile za kloridi. Upande huo hutoka kostiki ya asilimia 32 hivi. Kijiti cha kaboni hakitumiki tena, kwani hulika polepole. Anodi, yaani upande wa chanya, ni titani iliyopakwa oksidi ya ruthenia. Volti ni kama 3 tu kwa kila seli, yaani kila chombo chenye utando wake, ila ampea ni maelfu.

Swali mnaloniuliza kila mara: kwa nini chumvi ya Katwe isiingizwe humo moja kwa moja? Wengi hudhani tatizo ni kalsiamu na magnesiamu. Kwa chumvi ya bahari ni kweli: lazima zishushwe hadi chini ya mikrogramu 20 katika lita, la sivyo huganda ndani ya utando. Lakini Katwe ni ziwa la magadi, na kaboneti yake imeshaitupa chini sehemu kubwa ya kalsiamu. Adui hapa ni salfeti, ambayo imejaa. Maji ya chumvi huzungushwa tena na tena, klorini inatoka, salfeti inabaki na kulimbikizana. Ikizidi gramu chache katika lita, huanza kujikusanya ndani ya utando. Dalili yake haisikiki wala haionekani kwa macho: umeme unaolipia ni ule ule, kostiki inayotoka inapungua. Kuiondoa kwa chumvi za bariamu kunawezekana, ila bariamu ni ghali, na ni sumu. Maji ya ziwa hilo si ya kuchezewa. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa pale zamani kiliangushwa na kutu kwenye mabomba.

Tuseme chumvi tumeisafisha. Mji unatibu mita za ujazo 20,000 za maji kwa siku, kwa kipimo cha miligramu 2 za klorini katika lita. Hiyo ni kilo 40 za klorini. Zinahitaji chumvi kilo 66 na umeme wa kama kilowati-saa 100. Pamoja nazo, upende usipende, zinatoka kostiki kilo 45 na hidrojeni kilo 1.1. Kostiki hiyo inatosha kugeuza zaidi ya kilo 300 za mafuta ya mawese kuwa sabuni. Hidrojeni unaichoma kwenye boila, au unaiunguza pamoja na klorini upate asidi ya haidrokloriki. Utando ukitoboka na gesi hizo mbili zikachanganyika ndani ya seli, ni mlipuko.

Sasa geuzeni hesabu. Mwenye sabuni anataka tani moja ya kostiki kwa siku. Atazaa karibu kilo 890 za klorini, yaani mahitaji ya miji 22 kama ule. Haiwezi kumwagwa, na kuisafirisha kwa mitungi barabarani ni hatari na gharama. Kwangu mimi, hilo ndilo linaloeleza kwa nini mifuko ya kostiki inaendelea kushuka kwenye malori ya Mombasa, hata na umeme wote tulio nao Jinja. Anayetaka kujenga kiwanda hapa aanze kwa kumtafuta mnunuzi wa klorini. Wa kostiki mmekaa humu ndani.

Haya, mama, fungua dirisha hilo, nami nichomoe nyaya.