Bando lipo, mbona ukurasa haufunguki?

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa mitumba wa Kiborloni, Moshi

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za mchana. Asanteni kwa kuacha meza zenu kwa muda huu, najua mzigo wa leo haujaisha kupangwa.

Nimeombwa nizungumzie bando. Bei siigusi, kwa sababu inabadilika kila mara na kila mmoja wenu anaijua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya lile linalowaleta wengi kwenye meza yangu ya simu: mtu amenunua bando, pesa imekatwa, WhatsApp inafanya kazi vizuri tu, lakini akigusa kitu kingine, simu inazunguka mpaka anakata tamaa. Anasema, "Bando langu halijaingia." Mara nyingi limeingia. Lililoingia silo analolidhania.

Nitawaeleza kisa cha mama mmoja anayeuza blauzi za daraja la kwanza hapa hapa sokoni. Ameniruhusu nikieleze, jina naliacha. Ijumaa asubuhi alijiunga na bando la siku, akapata ujumbe ambao nimeunakili kama ulivyokuwa, isipokuwa tarehe:

"Umejiunga kikamilifu. Umepata GB 1 (MB 800 WhatsApp, Facebook na Instagram, MB 200 intaneti). Mwisho wa matumizi kesho 09:12."

Yeye alisoma "GB 1" akafunga ujumbe. Kwenye saa kumi jioni mteja wake wa Dar akamtumia kiungo cha ukurasa wa wasafirishaji wa vifurushi ili athibitishe mzigo. Akakigusa, hakikufunguka. Akajaribu programu ya benki, nayo kimya. Akanunua bando lile lile tena. Kiungo kikafunguka, akamaliza shughuli yake, na baada ya muda mfupi hali ikarudi ile ile. Akanunua la tatu. Ndipo akanijia, amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa tazameni ujumbe ule. Hakupewa GB moja. Alipewa mafungu mawili: MB 800 za programu tatu zilizotajwa, na MB 200 za kila kitu kilichobaki duniani. Yale mafungu hayachanganyiki. Fungu dogo likiisha, kubwa haliwezi kulisaidia hata kama halijaguswa. Ni kama tiketi ya Moshi kwenda Arusha: hata siti zikiwa tupu, haikufikishi Rombo.

Mtandao unajuaje kwamba hii ni WhatsApp na ile siyo? Mazungumzo yenu yamefungwa, hausomi yaliyomo. Lakini kila simu inapoanza kuwasiliana, inataja inamtafuta nani: jina la seva, yaani kompyuta inayotoa huduma hiyo, na anwani yake. Mitambo ya mtandao ina orodha ya majina na anwani za WhatsApp, za Facebook, za Instagram. Anwani ikiwa kwenye orodha, MB zinakatwa kwenye fungu la mitandao ya kijamii. Isipokuwemo, zinakatwa kwenye fungu la intaneti. Mtambo unatazama simu inakwenda wapi. Wewe uligusa kitu ukiwa ndani ya programu gani, hilo haulijui.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kiungo kilichotumwa ndani ya WhatsApp ukikigusa kinakupeleka kwenye ukurasa wa mtu mwingine, seva nyingine kabisa. Video ya YouTube inayocheza kwenye kidirisha kidogo juu ya mazungumzo inatoka YouTube. Nakala ya mazungumzo ya WhatsApp inayohifadhiwa usiku kwenye simu ya Android inakwenda Google. Kusasisha WhatsApp yenyewe kunapitia Play Store. Yote hayo yanakula fungu la intaneti ingawa machoni pako ni "mambo ya WhatsApp". Na ukiwasha VPN, simu yote inaonekana inakwenda sehemu moja tu, kwenye seva ya VPN, na bando la WhatsApp linakuwa kama halipo. Vijana wengi wananijia na hilo. Ninazima VPN, simu inafunguka.

Turudi kwa mama yetu. MB 200 ziliishaje kabla ya jioni, na zile za pili zikaisha haraka zaidi? Tulifungua Mipangilio, tukaenda kwenye matumizi ya data, tukaangalia programu moja moja. Juu kabisa ilikuwa Google Photos. Kuna mtu alikuwa amemwashia kuhifadhi picha hata simu ikitumia data ya laini. Yeye kila siku anapiga picha za nguo, na simu yake inapiga picha nzito, moja karibu MB 4. Picha 50 za MB 4 ni MB 200. Fungu lote la intaneti liliondoka na picha za blauzi zikipanda Google, yeye akiwa anahudumia wateja. Alipoongeza bando, foleni ya picha zilizobaki ikaendelea pale pale ilipoishia.

Na picha hizo hizo alizituma kwa wateja kwa WhatsApp, lakini fungu la WhatsApp halikutikisika. Sababu ni kwamba WhatsApp inaibana picha kabla ya kuituma, inabaki sehemu ndogo sana ya uzito wake wa mwanzo. Kwa hiyo kazi anayoiona, ya kuwatumia wateja picha, ilikuwa nyepesi na ina MB 800. Kazi asiyoiona ilikuwa nzito na ina MB 200. Tulizima ile ya kuhifadhi picha kwa data ya laini, tukaiacha ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu, na kwenye Play Store tukaweka programu zisasishwe kwa Wi-Fi tu. Bando lake halikubadilika, lakini siku iliyofuata MB 200 zilimtosha.

Kwa hiyo simu ikigoma, kabla hujanunua tena fanya jaribio hili. Tuma neno moja WhatsApp. Kisha fungua kivinjari uende kwenye ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Nasisitiza ambao hujawahi, kwa sababu ukurasa wa zamani unaweza kuonekana kutoka kwenye kumbukumbu ya simu hata kama data hakuna, ukadanganyika. WhatsApp ikienda na ukurasa mpya ukigoma, laini yako ni nzima, data imewaka, na fungu la intaneti ama limeisha ama halikuwemo tangu mwanzo. Thibitisha kwa kuangalia salio la bando kwenye menyu ya mtandao wako au kwa kupiga `*102#`, na usome fungu moja moja.

Vyote viwili vikigoma, hilo ni tatizo jingine. Kwanza, simu zenu nyingi zina laini mbili. Angalia data imewashwa kwenye laini ipi. Nimeona watu wana bando kwenye laini ya kwanza, simu inatafuta data kwenye laini ya pili isiyo na kitu. Pili, tafuta ujumbe wa uthibitisho. "Ombi lako linashughulikiwa" siyo uthibitisho, ni foleni. Na ukilipia kwa pesa ya simu, ujumbe wa muamala unasema tu kwamba pesa imetoka. Ule wa kujiunga na bando unakuja peke yake. Ukiwa na wa kwanza bila wa pili, usinunue tena haraka, kwa sababu foleni ikifunguka utakuwa umelipa mara mbili. Tatu, ukiweka vocha huku unadaiwa salio la kukopa, deni linakatwa kwanza, na kilichobaki kinaweza kisitoshe bando uliloomba. Mtu anaona "nimeweka elfu moja" lakini bando halikununuliwa kabisa.

Ujumbe wa kujiunga ukiwepo na salio la bando likionekana, washa hali ya ndege, hesabu taratibu mpaka thelathini, kisha uizime. Simu iliyoishiwa bando inaweza kubaki imeshikilia muunganisho wa zamani. Ukiikata na kuiunganisha upya inachukua ruhusa mpya. Ikigoma bado, piga 100 huduma kwa wateja, ukiwa na saa uliyonunua, kumbukumbu namba ya muamala, na matokeo ya lile jaribio. Ukimwambia mhudumu "WhatsApp inakwenda, kurasa nyingine haziendi, na salio linaonyesha MB 150 za intaneti," atajua pa kuanzia. Ukisema "bando halifanyi kazi" atakuambia uzime simu uwashe.

Sasa muda wa kuisha. Ujumbe wa mama yetu ulisema 09:12. Hiyo ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mitandao inaandika saa za kuhesabu mpaka ishirini na nne. Ukiona 14:20, ni saa nane na dakika ishirini mchana. Nimewahi kugombana na kijana aliyeapa kwamba bando lake linaisha saa tatu usiku, kumbe ilikuwa asubuhi. Na "siku moja" haina maana moja kila mahali. Bando jingine linahesabu saa 24 tangu uliponunua, jingine linakata 23:59 siku ile ile. Ukinunua la namna ya pili saa moja jioni, una saa tano tu. Usikisie, soma mstari wa mwisho wa ujumbe.

Tangu Aprili 2021 kanuni za TCRA zinataka mtandao ukujulishe matumizi ya bando yanapofika asilimia 75 na yanapokwisha. Ujumbe huo usiufute bila kuusoma. Tazama unazungumzia fungu lipi.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu bando la usiku, kwa sababu ni nono na yeye anataka kupandisha video za mzigo mpya. Swali zuri. Lisome kama tulivyosoma lile jingine. Kama limeandikwa 00:00 hadi 06:00, linaanza saa sita usiku na linakoma saa kumi na mbili asubuhi. Ukinunua saa nne usiku, zile saa mbili za kusubiri unatumia fungu lako la kawaida kama unalo. Na video uliyoianza saa kumi na mbili kasorobo haitamalizwa kwa bando la usiku kwa sababu tu ilianzia humo. Ikifika saa kumi na mbili, sehemu iliyobaki inahamia kwenye fungu la mchana, na kama hilo halipo na una salio la kawaida, linaweza kuguswa. Kwa hiyo dada, zipandishe zile nzito kwanza, na ifikapo saa kumi na moja na nusu usianzishe nyingine kubwa.