Sifuri kwenye kona: kutafuta ganda mbinuko kwa kupanga na rundo

Habari za jioni, wenzangu. Nimechora nukta nane ubaoni, na tutakaa nazo mpaka mwisho. Hizi hapa, nikizitaja kwa majiranukta yake: (0,0), (0,2), (1,1), (2,0), (2,3), (4,0), (4,2) na (4,4). Chukulia kila nukta ni msumari uliopigiliwa ubaoni, kisha uzungushie misumari yote ukanda wa mpira na kuuachia. Umbo litakalokazwa na ukanda ndilo tunaloliita ganda mbinuko. Kwa jicho tu mnaona kwamba kona zake ni nne: (0,0), (4,0), (4,4) na (0,2). Nukta (1,1) iko ndani kabisa. Ila ziko tatu, (2,0), (4,2) na (2,3), ambazo haziko ndani wala si kona. Zimelala juu ya ukanda wenyewe, katikati ya kona mbili.

Hizo tatu ndizo zilizonileta hapa. Algoriti yenyewe ni fupi na wengi wenu mnaijua. Lakini programu nyingi nilizopewa kukagua zilikuwa sawa kwa nukta za kubahatisha, zikaharibika mara tu nukta tatu zilipokaa kwenye mstari mmoja.

Twende na njia aliyoichapisha A. M. Andrew mwaka 1979. Ni ndugu wa ile ya Ronald Graham ya mwaka 1972. Graham alipanga nukta kwa pembe kuizunguka nukta moja. Andrew anazipanga kwa x tu, na x zikilingana, kwa y. Hakuna pembe wala kugawanya, na mimi huipendelea kwa sababu hiyo. Orodha niliyoisoma mwanzoni tayari imepangwa hivyo.

Kipimo tunachohitaji ni kimoja. Ukitoka nukta o kwenda a, kisha kutoka a kwenda b, je, umegeuka upande gani? Chukua tofauti ya x kati ya o na a, izidishe kwa tofauti ya y kati ya o na b. Toa zao la tofauti mbili zilizobaki. Jibu likiwa chanya umegeuka kushoto, likiwa hasi umegeuka kulia. Likiwa sifuri, nukta tatu ziko kwenye mstari mmoja. Ishikeni hiyo sifuri, tutairudia.

Sasa tunajenga nusu ya chini ya ganda, kutoka kushoto kwenda kulia. Tuna rundo, na kila nukta mpya inawekwa juu yake. Kabla ya kuiweka tunatazama mbili za juu: zikifanya na hii mpya kona ya kulia, ya juu inaondolewa, kisha tunatazama tena.

Weka (0,0), halafu (0,2). Inakuja (1,1): kipimo ni -2, kona ya kulia, kwa hiyo (0,2) inatoka na (1,1) inaingia. Inakuja (2,0): tena -2, na (1,1) inatoka. Kwa (2,3) kipimo ni 6, inaingia bila kumgusa mtu. Inakuja (4,0): kipimo ni -6, (2,3) inatoka. Lakini kazi haijaisha, maana sasa rundo lina (0,0) na (2,0), na kipimo pamoja na (4,0) ni sifuri kamili.

Hapa kila mmoja lazima aamue. Ukiondoa nukta kipimo kinapokuwa hasi au sifuri, (2,0) inatoka, na mwishoni utabaki na kona halisi peke yake. Ukiondoa kikiwa hasi tu, (2,0) inabaki, na utapata kila nukta iliyo ukingoni. Tofauti ni alama moja: `<=` au `<`. Anayetafuta eneo la umbo anatosheka na ya kwanza. Aliyeulizwa ni nukta zipi zinaguswa na ukanda anahitaji ya pili, na ya pili ndiyo yenye mitego. Hii hapa:

```python
def geuka(o, a, b):
    return ((a[0]-o[0])*(b[1]-o[1])
          - (a[1]-o[1])*(b[0]-o[0]))

def mnyororo(nukta):
    s = []
    for p in nukta:
        while len(s) >= 2 and geuka(s[-2], s[-1], p) < 0:
            s.pop()
        s.append(p)
    return s

def ganda(nukta):
    p = sorted(set(nukta))
    chini = mnyororo(p)
    if len(chini) == len(p):
        return p
    juu = mnyororo(p[::-1])
    return chini[:-1] + juu[:-1]
```

Kwa nukta zetu, mnyororo wa chini unatoa (0,0), (2,0), (4,0), (4,2), (4,4). Kisha tunarudi kinyumenyume kutoka kulia, na mnyororo wa juu unatoa (4,4), (2,3), (0,2), (0,0). Ncha mbili zimejirudia, ndiyo maana tunakata ya mwisho katika kila mnyororo. Jumla ni nukta saba, na iliyoachwa ni (1,1) peke yake. Katika kila mnyororo nukta inaingia mara moja na haitoki zaidi ya mara moja, kwa hiyo kazi nzito yote iko kwenye kupanga.

Tazameni upande wa kulia, uliosimama wima. Mtu anaweza kuogopa kwamba (4,2) itahesabiwa mara mbili, chini na juu. Na kweli, wakati wa kurudi rundo linakuwa na (4,4), (4,2), (4,0). Lakini inapofika (2,3), kipimo ni -4, (4,0) inatoka. Tena -4, (4,2) inatoka. Upande wima wa kulia umebaki mali ya mnyororo wa chini. Upande wa kushoto ni mali ya mnyororo wa juu, kwa sababu hiyo hiyo.

Hayo yote yanategemea kupanga kwa y pale x zinapolingana. Kuna wanaopanga kwa x tu wakidhani inatosha. Tujaribu, tuseme nukta tatu za kulia zimekuja kwa mpangilio huu: (4,2), (4,4), (4,0). Tumia hata ile alama salama ya `<=`. Mnyororo wa chini unaishia (4,0) bila tatizo lolote. Wa juu unaanza na (4,0), unaweka (4,4), halafu inakuja (4,2). Kipimo ni sifuri. Programu inasema, aha, nukta ya kati haina kazi, na inaiondoa (4,4). Kona halisi ya ganda imetupwa! Ukitumia `<` utapata balaa nyingine: mnyororo wa chini utapanda mpaka (4,4), kisha utashuka kwenye mstari ule ule mpaka (4,0).

Chanzo ni kwamba sifuri ina maana mbili. Inaweza kusema "endelea mbele moja kwa moja", na inaweza kusema "geuka nyuma ulikotoka". Kipimo hakiwezi kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni mpangilio: nukta zikipangwa kwa x kisha y, hakuna anayerudi nyuma kamwe, na sifuri inabaki na maana moja. Njia ya Graham ina jeraha hilo hilo mahali pengine. Nukta zilizo kwenye mwale mmoja hupangwa kutoka karibu kwenda mbali, ila ukitaka kubakiza zote za ukingoni, mwale wa mwisho lazima upangwe kinyume, kwa kuwa huo tunausafiri tukirudi.

Sasa ile `set` kwenye msimbo, ambayo wengine huiona pambo. Nukta (1,1) iandikeni mara mbili kwenye data, na muiondoe `set`. Rundo linakuwa (0,0), (1,1), (1,1). Inakuja (2,0). Kipimo kutoka (1,1) hadi (1,1) hadi popote ni sifuri, maana hatua ya kwanza haina urefu. Kwa `<` hakuna kinachotoka. Nukta iliyo katikati ya umbo imejifungia kwenye rundo, nakala yake ikiilinda, na ganda linatoka na pengo ndani. Nililitafuta kosa hili siku mbili kwenye programu yangu mwenyewe, nikiikagua fomula ya kipimo mara kwa mara, kumbe fomula haikuwa na hatia.

Kisha ule mstari wa `if`. Ipeni programu (0,0), (1,1), (2,2), (3,3). Mnyororo wa chini utazibakiza zote nne, na wa juu pia zote nne. Ukiziunganisha bila kukagua unapata vitu sita, (1,1) na (2,2) zikitokea mara mbili. Kwa hiyo, mnyororo wa chini ukishabeba nukta zote, tunarudisha orodha hapo hapo. Na haidhuru kama nukta haziko kwenye mstari mmoja. Ikiwa zote zimo kwenye mnyororo wa chini, mpangilio wao tayari ndio wa ganda. Sharti hilo hilo linashughulikia nukta moja au mbili.

Limebaki swali mlilolileta kabla hatujaanza, la namba zenye desimali. Chukueni (0,0), (0.1,0.3) na (0.3,0.9). Kila mtu anaona ziko kwenye mstari mmoja. Kompyuta inapozidisha 0.1 kwa 0.9 inapata 0.09000000000000001, na 0.3 kwa 0.3 inapata 0.09. Tofauti ni chanya, kwa hiyo inaripoti kona ya kushoto ambayo haipo. Hapo `<` na `<=` hazina la kusaidia, kwa sababu sifuri yenyewe haikutokea. Zidisheni majiranukta yote kwa 10 yawe namba kamili kabla ya kuanza, na sifuri itarudi. Katika lugha zenye namba za ukubwa maalumu, kumbukeni pia kwamba kipimo kinaweza kufikia mara nne ya mraba wa jiranukta kubwa kuliko zote. Kwa biti 32 zenye alama mnaishia 23,170 tu. Kwa biti 64, majiranukta ya mpaka bilioni moja kila upande yanaingia vizuri.

Mkitaka kujaribu kazi zenu, msitumie nukta za kubahatisha kutoka eneo kubwa, maana tatu kukaa mstari mmoja hapo ni nadra na kila programu itaonekana nzima. Chagueni x na y kati ya 0 na 3, nukta kumi, zikijirudia zinavyotaka. Kwa kila upande wa ganda, pimeni nukta zote: hakuna inayopaswa kutoa hasi, na kila inayotoa sifuri lazima iwe kwenye orodha, mara moja tu. Endesheni hivyo mara elfu kadhaa. Mimi nilipofanya hivyo kwenye ile programu ya siku mbili, kosa lilijitokeza kabla sijainua mkono kwenye kibodi.