Kupumua taratibu na presha: namba ya dakika kumi na namba ya mwezi

(Mhadhara kwa wastaafu, Mtwara Mjini)

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Sitaeleza presha ni nini, maana wengi humu mna kadi za kliniki na namba zenu mnazijua. Walionisikia Mikindani na Naliendele watanivumilia, kwa sababu nasema lilelile: kupumua taratibu kunashusha presha wakati ule unapopumua. Kama kunaishusha mwezi mzima, usiku na mchana, hilo ni swali jingine kabisa, na watu wanaumia kwa kuyachanganya haya mawili.

Kuna mama mmoja wa Chikongola ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja jina. Alikuwa kwenye amlodipini, kidonge kimoja kila siku. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda akaingia moja kwa moja, akapimwa hapo hapo: 166 kwa 98. Nikamwomba akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee. Tukapima tena: 156 kwa 92. Ndipo nikamfundisha kupumua. Unavuta hewa kwa pua ukihesabu nne, tumbo linainuka, kisha unaitoa polepole ukihesabu sita. Hiyo ni pumzi moja kwa sekunde kumi, pumzi sita kwa dakika. Tukafanya dakika kumi, tukapima: 144 kwa 86.

Mama akafurahi, akasema imeshuka 22. Hapana, mama. Kumi za kwanza ni za kukaa tu na kutulia baada ya pikipiki. Hilo Wajapani walilionyesha mwaka 2005 kwa zaidi ya watu 20,000: waliokaa kimya nusu dakika presha yao ilishuka, na waliovuta pumzi sita ndefu katika nusu dakika hiyo ilishuka zaidi. Kwa hiyo pumzi ina kazi yake, siikatai. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na juu ya moyo kuna sehemu zinazohisi msukumo wa damu na kupeleka habari kwenye ubongo. Ukipumua polepole, mawasiliano hayo yanakuwa mepesi zaidi, mishipa inalegea kidogo, namba inashuka. Lakini mama akiinuka, akapanda bodaboda tena, akafika nyumbani akakuta mjukuu ana homa, hakuna anayeijua presha yake ni ngapi saa hiyo.

Sasa sikilizeni hapa, ndiyo sababu nazunguka na habari hii. Mama alirudi nyumbani akaacha kidonge. Kesho yake akapumua, akaenda kupima duka la dawa: 142. Siku ya tatu vilevile. Akawaambia majirani amepona. Kumbe amlodipini ni dawa inayokaa mwilini. Hata nusu yake haijatoka, siku nzima na zaidi imeshapita. Ukiiacha leo, kesho na keshokutwa bado inakufanyia kazi, na sifa zote unaipa pumzi. Wiki ya pili namba ikaanza kupanda, lakini yeye hakuiona vizuri, kwa sababu kila siku alipima akishamaliza kupumua, akapata 150 na kitu. Alipokuja kwetu tulimpima kabla ya kupumua, amekaa dakika tano kama inavyotakiwa. Ilikuwa 172 kwa 100. Hiyo ndiyo presha aliyokuwa akitembea nayo, na moyo na figo vilikuwa vinaihesabu hata kama yeye haihesabu. Akarudishiwa dawa na daktari, na mazoezi ya pumzi anaendelea nayo mpaka leo, yote mawili.

Najua mtu anasema moyoni, "Mbona kuna mashine Wazungu wanauza, inakuongoza kupumua kwa mlio, na imefanyiwa utafiti?" Ipo. Mwaka 2012 watafiti walikusanya majaribio manane yenye watu 494 wakayajumlisha. Namba ya juu ilishuka kwa wastani wa karibu 4, ya chini karibu 2 na nusu. Lakini walipoyatoa majaribio yaliyofadhiliwa na watengenezaji wa mashine au kuwahusisha, nafuu ikapotea. Nawaomba mlipime jambo hilo kama mnavyopima ahadi ya mnunuzi wa korosho kabla ya mnada. Na hata tukikubali zile 4 zote, mama yetu wa 156 angefika 152. Kidonge kimoja cha kawaida, kwa wastani, kinashusha karibu 9. Mwenye presha iliyo juu kidogo tu ya mpaka, 4 zinaweza kumsaidia pamoja na kupunguza chumvi. Mwenye 170 hazimtoi hatarini.

Mwingine ataniuliza kuhusu rozari na uradi. Swali zuri, na jibu lipo. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Italia kwa watu wenye afya: waliposali rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilishuka zenyewe mpaka karibu sita kwa dakika, na ule mfumo wa mishipa niliousema ukafanya kazi vizuri zaidi. Basi anayesali kwa utulivu hahitaji kununua mashine. Ila wale hawakuwa wagonjwa wa presha, na utafiti ule haukupima kama rozari inatibu. Sala ibaki sala, na kidonge kimezwe.

Mnaofanya, angalieni moja: taratibu haina maana ya kujaza kifua mpaka juu. Ukiona kizunguzungu, au vidole na midomo vinachonyota, umevuta hewa nyingi mno na umetoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Acha, pumua kawaida, kisha rudi kwa pumzi ndogo zaidi. Mwenye pumu asijilazimishe kuhesabu sita.

Kupima, ili usijidanganye: pima asubuhi kabla ya kidonge na kabla ya zoezi, umekaa dakika tano, mara mbili ukiacha dakika moja katikati. Fanya wiki nzima, andika zote, hata zile mbaya, kisha tafuta wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi bado ni presha ya juu. Ukitaka kujua pumzi inakusaidia, fanya kila siku robo saa kwa wiki nane bila kubadili dawa, halafu rudia wiki ya kupima. Tofauti ya 2 au 3 si ya kuamulia chochote.

Muda unaniishia. Kutafakari nitasema kwa ufupi: mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilikubali aina moja tu ya kutafakari, ile ya kurudia neno kimoyomoyo, na kwa ushahidi dhaifu. Nyingine hazikupita. Ya msongo wa mawazo tutayafanyia kikao chake, maana msimu wa korosho hauondolewi kwa pumzi.

La mwisho kabla ya maswali. Presha ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, au upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki, au macho yameingia giza, usikae kupumua. Twende hospitali saa ile ile.

Wenye vipimo vya nyumbani, vileteni hapa mezani. Nataka kuona kama kitambaa kinautosha mkono wako, maana kikibana kinakuongezea namba ambayo huna.