Tohara na raha ya tendo: mambo ya vijiweni na majibu ya Kisumu

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na kina mama, habari za mchana.

Nimepitia vikaratasi vya maswali vilivyokusanywa mlangoni. Wachache wameuliza habari za UKIMWI. Wengi wameuliza kitu kimoja kwa namna mbalimbali: mtu mzima akitahiriwa, utamu unabaki au unaondoka? Nitajibu hilo waziwazi, maana kuna kijana anayekaa miaka mitano bila kuja kliniki kwa sababu hakuna aliyemjibu.

Vijiweni kuna kauli mbili. Ya kwanza inasema govi likiondolewa, kichwa cha uume kinasuguana na nguo mpaka kinakuwa sugu, na raha inakwisha. Ya pili inasema ndiyo, kinakuwa sugu, na hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa utachelewa kumaliza na mkeo atakusifu. Moja inatisha, nyingine inavutia, lakini zote mbili zimesimama juu ya dai lilelile kwamba hisia zinapungua. Dai hilo likianguka, zinaanguka pamoja.

Kulipima si rahisi. Aliyetahiriwa mtoto hajui hali ya kuwa na govi, kwa hiyo ukimuuliza tofauti hana la kulinganisha. Unahitaji wanaume wazima wasiotahiriwa, wenye uzoefu wa tendo, wengi, walio tayari kutahiriwa. Hao walipatikana hapo ng'ambo ya ziwa, Kisumu. Wajaluo kwa mila hawana jando. Alama yao ya zamani ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Kuanzia mwaka 2002 vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waliingia kwenye utafiti ambao shabaha yake kuu ilikuwa kuona kama tohara inapunguza maambukizi ya VVU. Wote walikuwa wamekubali kutahiriwa. Kura ndiyo iliyoamua nani atahiriwe sasa na nani asubiri miaka miwili.

Hapo kwenye kura naomba mnisikilize vizuri. Vijana wa makundi yote mawili waliulizwa mwanzoni, kisha kila baada ya miezi sita, kuhusu matatizo ya tendo: uume kutosimama vizuri, kumaliza mapema, kushindwa kumwaga, maumivu, kukosa raha. Katika kundi lililotahiriwa, waliokuwa na tatizo lolote mwanzoni walikuwa karibu 24 katika kila 100. Baada ya miaka miwili wamebaki 6. Mtu akikuletea hesabu hiyo peke yake utasema tohara ni dawa! Sasa tazama waliokuwa wanasubiri, ambao govi lao lilikuwa palepale. Walianza 26 katika kila 100, nao baada ya miaka miwili wakabaki 6.

Kwa hiyo tohara haikuleta nafuu hiyo, wala haikuleta madhara. Kilichowasaidia kiliwafikia wote. Huenda ni umri na uzoefu, huenda ni ushauri waliokuwa wakipewa kila walipofika kliniki. Ndiyo maana ninapoambiwa "jirani yangu alitahiriwa akapona", au "alitahiriwa akaharibika", huwa nauliza: na yule ambaye hakutahiriwa, naye imekuwaje?

Waliotahiriwa waliulizwa pia kuhusu hisia zenyewe. Asilimia 64 walisema uume unahisi zaidi sana kuliko zamani, na zaidi ya nusu walisema kufika kileleni kumekuwa rahisi zaidi sana. Wapo wanaolishika jibu hili kama tangazo la biashara. Mimi nalichukua kwa tahadhari, kwa kuwa hawa ni watu waliotaka kutahiriwa, na walikuwa wanalinganisha na kumbukumbu. Halithibitishi kwamba hisia zinaongezeka. Ila linatosha kuonyesha kwamba habari ya usugu haikuwatokea.

Mzee mmoja ameandika: "Govi lenyewe halina hisia?" Linazo, mzee wangu, na nyingi. Kule Ontario, Kanada, wanaume 62 walipimwa sehemu mbalimbali za uume kwa kuguswa, kwa joto na kwa maumivu, nusu hivi wakiwa wametahiriwa. Govi ndilo lililoutambua mguso mwepesi kuliko sehemu nyingine. Lakini kichwa na shina la uume havikuonyesha tofauti kati ya aliyetahiriwa na asiyetahiriwa. Tena kutambua mguso mwepesi ni jambo moja, na raha ya tendo ni jambo jingine. Nisiwafiche pia kwamba huko Denmaki uchunguzi wa mwaka 2011 ulikuta waliotahiriwa wanalalamika zaidi kushindwa kufika kileleni, asilimia 11 dhidi ya 4. Lakini Denmaki wanaotahiriwa ni wachache, wengine kwa ugonjwa wa govi, na hapakuwa na kura. Naupa uzito mdogo kuliko wa Kisumu, ila siutupi.

Tuje kwenye dakika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapa jozi 500 za wapenzi saa ya kupimia, katika Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani. Mwanamke anaibonyeza uume unapoingia, anaizima mwanaume anapomwaga. Muda wa kati ulikuwa dakika 5.4. Najua baadhi yenu mmeshusha pumzi, maana hadithi za vijiweni ni za saa nzima. Ukiiweka Uturuki kando, waliotahiriwa walikuwa na dakika 6.7 na wasiotahiriwa 6.0, tofauti ndogo ambayo inaweza kuwa bahati tu. Na Uturuki, ambako karibu wanaume wote wametahiriwa, ndiko muda ulikuwa mfupi kuliko kote, dakika 3.7. Basi ukiwa unamaliza mapema, usije kutahiriwa ukidhani ndiyo tiba. Njoo tuzungumze, kuna mazoezi na dawa za hilo.

Kuna wawili ambao tohara itabadilisha tendo lao kwa hakika. Mmoja ni mwenye govi lililobana, lisilorudi nyuma, anayeumia kila akisimamisha. Huyo atapata nafuu. Wa pili ni aliyekatwa vibaya, ngozi ikaondolewa nyingi mno. Atajijua uume ukisimama: ngozi inavutika, inauma, pengine uume unapinda. Akiona hivyo baada ya kidonda kupona, arudi kwa daktari, asinyamaze kwa aibu. Na kuna anayejiharibia mwenyewe. Tunasema wiki sita bila tendo wala kujichua, yeye wiki ya tatu anaona pamekauka, anaanza, nyuzi zinaachia, kidonda kinafunguka. Kwa nje pamekauka, ndani ngozi haijashikana. Rudini pia siku ya pili na ya saba tukague, hata kama hamsikii maumivu.

Mama aliyeuliza, "Na sisi je?" Wilayani Rakai, Uganda, wanawake 455 waliulizwa baada ya waume au wapenzi wao kutahiriwa. Asilimia 57 walisema hawakuona mabadiliko, karibu 40 walisema raha imeongezeka, na kama 3 walisema imepungua. Hapa hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo wale 40 siwezi kukuahidi, mama. Wale 57 ndio walio karibu zaidi na nilivyosikia wake wenyewe wakisema kliniki: hakuna kilichobadilika, ila usafi umekuwa rahisi.