Barua mbili kabla hujaondoka fildi

Habari za asubuhi, wanangu. Jumatatu mnaanza fildi, na leo nitazungumzia jambo moja: ukilazimika kuondoka kabla ya wiki nane kuisha, unaandika nini na kwa nani.

Nikiwa mratibu wa fildi chuoni, kijana mmoja wa uhasibu aliandika mstari mmoja tu: “Naacha fildi kuanzia leo kwa matatizo ya kifamilia.” Akauacha mapokezi, akapanda basi. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji, na hilo lilikuwa kweli tupu. Lakini chuoni hatukuwa na habari. Wiki ya sita mwalimu wa tathmini akafika, hakumkuta. Logibuku yake, lile daftari la kuandikia kazi za fildi, ilisainiwa wiki nne. Ya tano aliifanyia kazi yote, ila haikuwa na saini wala mhuri, na msimamizi alikuwa ameshakwenda likizo. Iliniuma sana.

Kosa lilianzia kwenye neno “naacha”. Wewe si mwajiriwa. Ofisi ilikupokea kwa barua ya chuo, kwa hiyo ruhusa unaiombea chuoni. Mpigie mratibu kwanza, ndipo uandike.

Barua ya mratibu ndiyo yenye maelezo. Kichwa chake: “YAH: KUOMBA KUSITISHA MAFUNZO KWA VITENDO”. Taja namba yako ya usajili, ofisi uliyopo, siku uliyoanza, siku unayotaka kuondoka na sababu, uambatishe uthibitisho. Kisha omba: “Naomba kuelekezwa namna ya kufidia wiki tatu zilizobaki.” Sentensi hii wengi huisahau, na bila hiyo mratibu amepewa taarifa tu, hana ombi la kulijibu.

Ya ofisi iwe fupi. Cheti cha hospitali cha mama yako hakiwahusu. “Dharura ya kifamilia” inatosha. Wanachohitaji ni tarehe na makabidhiano. Kijana yule angeandika: “Siku yangu ya mwisho itakuwa Ijumaa. Vocha za malipo za Mei nimezipanga na kumkabidhi msimamizi. Za Juni hazijaguswa.” Ashukuru, aweke nakala kwa mratibu, na nakala yake mwenyewe igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Na kama sababu ni ofisi yenyewe, mathalani wiki tatu unatumwa chai na hujaona leja, malalamiko hayo mwandikie mratibu, kwa tarehe. Anaweza kuongea nao ukabadilishiwa kitengo bila kuhama.

Ila mtu akikudhalilisha kingono, usisubiri barua wala mhuri. Toka hapo siku hiyohiyo, upige simu. Barua tutaiandika pamoja ukishakuwa salama.

Kwa wengine wote, logibuku isainiwe hadi siku ya mwisho, hata kama wiki hiyo umefika Jumatano tu. Mkabidhi msimamizi mkononi, usubiri hapo hapo mpaka aweke saini.