Kuseti ACS580 kwenye mashine ya kukamua mawese

Karibuni ndugu watazamaji. Leo tupo Kigoma, kwenye mashine ya skurubu ya kukamua chikichi. Mota ni ya kilowati 15, mizunguko 1460 kwa dakika, na inaendeshwa na inverta ya ABB ACS580. Mwendo utatoka kwenye PLC kupitia waya wa Modbus.

Anza na kundi la 99 la vigezo vya inverta: jaza namba za kibao cha mota jinsi zilivyo. Kwenye 99.04 chagua Vector. Halafu fungua mkanda, mota izunguke bila mzigo, ufanye ID run ya Normal pale 99.13. Usiiruke hatua hii, maana nguvu ya kuzungusha inverta inaikadiria kwa hesabu, na hesabu hiyo inategemea vipimo vya hapa.

Sasa mawasiliano. 58.01 weka Modbus RTU, 58.03 namba ya kituo, 1. Kisha 58.06, Refresh settings, la sivyo mabadiliko hayatashika. Amri, 20.01, ziwe Embedded fieldbus, mwendo, 22.11, uwe EFB ref1.

Kwenye 46.01 tumeacha 1500, maana yake thamani 20000 ni mizunguko 1500. Tunataka 600, kwa hiyo PLC inaandika 8000 kwenye rejista ya mwendo, 400002, na amri kwenye 400001:

```
400001 = 1150
400002 = 8000
400001 = 1151
```

Ya kwanza inaiandaa inverta, ya mwisho inawasha. PLC iendelee kuandika. Ikinyamaza kupita muda wa 58.16, inverta inasimama kwa hitilafu, na ndivyo tunavyotaka.

Muda wa kupanda, 23.12, weka sekunde 10. Huo unahesabiwa toka sifuri hadi 1500 ya 46.01, kwa hiyo kufika 600 ni sekunde 4 tu. Ukiigusa 46.01 baadaye, mwendo na muda vyote vinabadilika.

Tufike penye kazi. Kikomo cha nguvu ya kuzungusha, 30.20, weka asilimia 120. Mota hii ina kama Nm 98, kikomo kinakuwa kama 118. Jiwe likiingia kwenye skurubu, inverta haizimi. Inashikilia 120 na mwendo unashuka, hata kusimama kabisa, huku mota ikichemka na feni yake imelala. Tazama nguvu ya kuzungusha pale 01.10: ikiganda kwenye 120 na mizunguko iko chini ya 600, umefika kikomo. Ikitokea wakati wa kuwasha tu, ongeza sekunde za 23.12, usipandishe kikomo.

Kwa hiyo washa ulinzi wa kukwama, 31.24, chagua Fault. Angalia kikomo chake cha mkondo, 31.25: toka kiwandani ni asilimia 200 ya mkondo. Kwa kikomo chetu mkondo hautafika huko, ulinzi utalala tu. Ishushe hadi 100, na muda wa kukwama, 31.28, uwe sekunde 5.

Jaribu kwanza mkanda ukiwa umefunguliwa, ndipo uufunge na kumimina chikichi kidogo kidogo.